Sampuli kwa kizio cha fedha: jinsi ya kukagua salio la wadaiwa bila kupotea kwenye hesabu

Mkaguzi anayekabidhiwa orodha ya wateja 412 wanaodaiwa hawezi kuwaandikia wote barua ya uthibitisho. Akiokota majina 40 kwa macho, hataweza kumweleza mtu yeyote kwa nini hao na si wengine. Njia ya kizio cha fedha hutatua hilo kwa kubadilisha kitu kinachochaguliwa. Hatuchagui wateja, bali shilingi: kila shilingi iliyomo kwenye salio ina nafasi sawa ya kuchaguliwa, na shilingi iliyochaguliwa humvuta mwenye nayo, yaani akaunti nzima ya mteja, ili ikaguliwe. Mteja anayedaiwa milioni 20 ana shilingi nyingi mara kumi kuliko anayedaiwa milioni 2, kwa hiyo nafasi yake ya kukaguliwa nayo ni kubwa mara kumi. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi ISA 530 kinaitambua njia hii katika viambatisho vyake, pamoja na ile ya kugawa kundi katika matabaka.

Nitaieleza kwa mfano mmoja wa kutunga, lakini wenye umbo la kazi zinazokutwa kila msimu: msambazaji wa vifaa vya ujenzi wa Dar es Salaam, anayekopesha maduka ya jijini, Morogoro na Dodoma, na mwaka wake wa fedha huisha tarehe 31 Desemba.

1. Safisha orodha kabla ya kugusa fomula

Omba orodha ya wadaiwa kwa kila mteja, ijumlishe mwenyewe, kisha uilinganishe na akaunti ya udhibiti katika leja kuu. Katika mfano wetu leja kuu inaonyesha 2,362,000,000, na orodha nayo inafika hapo hapo. Watu wengi huridhika na ulinganifu huo na kuendelea, na ndipo kosa la kwanza huingia. Ndani ya orodha kuna wateja waliolipa zaidi ya wanachodaiwa au waliotanguliza fedha, na salio zao zimeandikwa kwa alama ya kutoa, jumla yake 38,000,000. Ukiwaondoa, deni halisi la wateja wanaodaiwa ni 2,400,000,000.

Hao wa alama ya kutoa ni lazima wawekwe pembeni, kwa sababu njia hii huhesabu shilingi kwa kujumlisha kwenda mbele, na salio hasi huirudisha jumla nyuma. Vilevile salio la sifuri halina shilingi hata moja, hivyo haliwezi kuchaguliwa kamwe. Makundi haya mawili yapangiwe kazi yake: kwa walio hasi, chunguza iwapo malipo yameingizwa kwenye akaunti ya mteja asiyehusika, kwa walio na sifuri, chagua wachache waliokuwa wakinunua sana katikati ya mwaka.

Kuna usafi mwingine ambao mfumo wa kompyuta hautakuonyesha. Niliwahi kukagua kampuni ambayo mteja wake mmoja alikuwa na akaunti nne, moja kwa kila tawi, na majina yaliandikwa kwa namna tofauti kidogo: mara "Trading", mara "Traders", mara kifupi tu. Kila akaunti peke yake ilionekana ya kawaida, lakini zikiunganishwa alikuwa mdaiwa wa tatu kwa ukubwa. Panga orodha kwa namba ya mlipakodi au namba ya simu, si kwa jina, nao watajitokeza.

2. Tafuta hatua ya sampuli kwanza, idadi itafuata

Vitabu vingi huanza na idadi ya sampuli. Mimi huanza na hatua, yaani umbali wa shilingi kati ya shilingi moja inayochaguliwa na inayofuata, kwa sababu hatua ndiyo inayoamua kila kitu: idadi, wateja wakubwa ni akina nani, na mwishoni dosari zitapanuliwa kwa kiasi gani.

Unahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni dosari inayovumilika, ambayo isizidi kiwango cha uzito kilichowekwa kwa ajili ya kutekeleza kazi. Hapa ni 120,000,000. Cha pili ni dosari unayotarajia kuikuta kutokana na ukaguzi wa mwaka jana na unavyoujua udhibiti wa ndani. Hapa ni 15,000,000. Cha tatu ni kipimo cha uhakika. Kwa uhakika wa asilimia 95, kigezo chake ni 3.00 pale ambapo hakuna dosari inayopatikana, na dosari inayotarajiwa huzidishwa kwa 1.6 kabla ya kutolewa.

```
hatua = (120,000,000 - 15,000,000 x 1.6) / 3.00
      = 96,000,000 / 3.00
      = 32,000,000
```

Hiyo 3.00 haikushushwa kutoka mbinguni. Ikiwa ndani ya salio kuna shilingi mbovu zinazofikia mara tatu ya hatua, yaani 96,000,000, uwezekano wa kupita hatua kwa hatua na kuzikosa zote ni takribani asilimia 5. Kwa hiyo ukizikosa zote una haki ya kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba hazifiki kiasi hicho.

Angalia kwamba jumla ya salio haimo katika fomula. Inaingia baadaye tu, tunapotaka idadi: 2,400,000,000 kwa 32,000,000 ni nafasi 75.

Kishawishi kikubwa hapa ni kuandika sifuri kwenye dosari inayotarajiwa ili kupunguza kazi. Hatua ingekuwa 40,000,000 na nafasi zingeshuka hadi 60. Lakini 40,000,000 mara 3 ni 120,000,000, sawasawa na kinachovumilika, kwa hiyo dosari moja tu ya kuzidisha deni, hata ya asilimia 2 ya akaunti, ingekuvusha mpaka. Barua 15 ulizookoa zingekurudia zikiwa nyingi zaidi, tena wiki ya kusaini ripoti.

3. Watenge wateja wakubwa

Mteja yeyote ambaye salio lake linalingana na hatua au kuizidi hawezi kukwepa kuchaguliwa, maana hatua ya 32,000,000 haiwezi kuruka juu ya akaunti ya 32,000,000 bila kuikanyaga. Mteja wa milioni 88 angekanyagwa mara mbili au tatu. Kwa kuwa matokeo yanajulikana tangu mwanzo, hakuna sababu ya kumwachia bahati: mtoe, mkague kikamilifu, na umhesabu kama tabaka linalojitegemea.

Kwa msambazaji wetu wateja wa namna hiyo ni 14, na kwa pamoja wanadaiwa 1,056,000,000. Wanabaki 1,344,000,000 kwa wateja wadogo. Hatua haibadiliki, inabaki 32,000,000, kwa kuwa dosari inayovumilika haikubadilika. Idadi ndiyo inayobadilika:

```
wateja wakubwa                          14
1,344,000,000 / 32,000,000              42
jumla ya akaunti za kukaguliwa          56
```

Zile nafasi 75 zimekuwa akaunti 56, na nguvu ya ukaguzi haikupungua hata kidogo, kwa sababu nafasi zilizotoweka ni zile ambazo zingeangukia tena na tena kwa wateja walewale 14. Salio likiwa limelundikana kwa wachache, kama ilivyo kawaida kwa wauzaji wa jumla, upungufu huu huwa mkubwa zaidi.

Kosa ninaloliona kwa vijana ni kutenga wakubwa kwanza kwa kigezo cha kubuni, kwa mfano "wote wanaozidi milioni 100", kisha kuchukua sampuli kwa waliobaki. Si dhambi, ila wateja wa kati ya milioni 32 na 100 watachaguliwa kwa vyovyote, na baadhi yao zaidi ya mara moja, kisha hesabu ya mwisho itavurugika kwa sababu itakayoelezwa huko chini.

4. Je, kuna haja ya matabaka mengine?

Njia hii yenyewe tayari inagawa kwa thamani, hivyo kuongeza matabaka ya ukubwa chini ya wale wakubwa hakuna faida. Tabaka lenye maana ni la hatari. Tuseme madeni yaliyopitisha siku 120 ni 192,000,000, na unashuku kwamba humo ndimo mnamokaa mauzo ambayo hayakuwahi kutokea. Unaweza kulipangia tabaka hilo hatua ya nusu, 16,000,000, ukapata nafasi 12 badala ya 6. Huko akaunti inayofikia 16,000,000 tayari ni kubwa na itatengwa.

Gharama yake hulipwa wakati wa kutathmini. Kila tabaka hupanua dosari zake kwa hatua yake lenyewe; ile posho ya msingi ya mara tatu ya hatua, yaani kiasi kinachowekwa kwa ajili ya dosari ambazo sampuli ingeweza kuzikosa, haijumlishwi tabaka kwa tabaka, bali huchukuliwa mara moja kwa hatua iliyo kubwa kuliko zote. Anayeijumlisha kila mahali atapata kikomo cha juu cha dosari kilicho kikubwa mno na kulikataa salio zima lisilo na tatizo. Katika mfano wetu naacha tabaka moja la wadogo, ili uzi usikatike.

5. Chagua shilingi

Pata namba ya bahati nasibu kati ya 1 na 32,000,000 kwa kutumia kompyuta, na uihifadhi kwenye karatasi za kazi ili mwingine aweze kuirudia. Hapa imetoka 11,400,000. Shilingi zitakazochaguliwa ni ya 11,400,000, ya 43,400,000, ya 75,400,000, na kuendelea hadi ya 42. Huu ndio mwanzo wa orodha:

```
mteja   salio          jumla mfululizo
1        6,200,000      6,200,000
2        9,850,000     16,050,000    CHAGUA
3        1,300,000     17,350,000
4       21,700,000     39,050,000
5        4,900,000     43,950,000    CHAGUA
6       15,000,000     58,950,000
```

Mteja wa nne mwenye karibu milioni 22 ameponyoka, na wa tano mwenye chini ya milioni 5 amenaswa. Mhasibu mkuu wa kampuni akiiona orodha hii atauliza kama umekosea. Hukukosea: wa nne alikuwa na nafasi ya asilimia 68, wa tano asilimia 15, na bahati ikaamua. Ukianza kuwabadilisha kwa kuwa "huyu ni mkubwa zaidi", umeitupa njia nzima.

Katika Excel, salio likiwa safu ya B, hatua kwenye G1 na mwanzo kwenye G2, andika haya katika mstari wa pili na uburute chini:

```
C2: =SUM(B$2:B2)
D2: =IF(INT((C2-$G$2)/$G$1)>INT((C2-B2-$G$2)/$G$1),"CHAGUA","")
```

Hesabu alama zilizotoka. Zisipokuwa 42 kamili, kuna salio hasi au mteja mkubwa aliyesahaulika ndani ya orodha.

6. Kagua, wala usibadilishe asiyejibu

Barua ya uthibitisho iandikwe na kampuni lakini itumwe na mkaguzi, na jibu lirudi kwa mkaguzi moja kwa moja. Wenye maduka wengi hawajibu barua. Baadhi hujibu kwa ujumbe wa simu unaopitia kwa afisa mauzo, na jibu hilo si ushahidi mpaka utakapompigia mwenye duka kwa namba uliyoipata mwenyewe. Asiyejibu haondolewi wala haletwi jirani yake. Unafuata fedha alizolipa Januari na Februari hadi kwenye taarifa ya benki, ukihakikisha zinalipia ankara za kabla ya 31 Desemba, na kwa kisicholipwa unatafuta hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi na muhuri wa duka. Pasipo kupatikana chochote, salio hilo linahesabiwa kuwa dosari.

Wakubwa 14 walitoa dosari moja: mteja wa 88,000,000 alionyesha mkataba wa punguzo la mauzo ya mwaka ambalo halikuingizwa, na salio sahihi ni 84,500,000.

Kwa wadogo 42 zilipatikana mbili. Mteja wa tano, mwenye duka Morogoro, alisema hadaiwi 4,900,000 bali 3,675,000. Alikuwa na nakala ya karatasi ya kurudisha mabati 35, ya shilingi 35,000 kila moja, iliyosainiwa na dereva tarehe 28 Desemba. Ghalani mabati yalipokelewa siku ileile, ila hati ya kupunguza deni lake ilitolewa Januari. Mwingine wa Dodoma, aliyeandikwa 18,000,000, alikuwa amerudisha nondo za 1,800,000 kwa namna hiyohiyo.

7. Panua dosari, kila tabaka kwa kanuni yake

Kwa wadogo, dosari hugeuzwa kuwa sehemu ya akaunti yake, kisha sehemu hiyo huzidishwa kwa hatua, kwa sababu kila akaunti iliyochaguliwa inawakilisha shilingi 32,000,000 za kundi:

```
1,225,000 / 4,900,000  = 25%    x 32,000,000 = 8,000,000
1,800,000 / 18,000,000 = 10%    x 32,000,000 = 3,200,000
jumla                                         11,200,000
```

Kinachowashangaza wengi ni kwamba dosari ndogo kwa shilingi imezaa makadirio makubwa zaidi. Kinachopimwa ni kiasi gani cha akaunti kimeharibika, wala si ukubwa wa fedha yenyewe.

Kwa wakubwa hakuna kupanua. Wote wamekaguliwa, hivyo 3,500,000 ni dosari inayojulikana na hakuna mwingine inayemwakilisha. Aliyeacha wateja wa juu ya hatua ndani ya sampuli hukosea hapa: angechukua 3,500,000 kwa 88,000,000, yaani karibu asilimia 4, akazidisha kwa 32,000,000 na kupata kama 1,270,000, pungufu ya dosari aliyoishika mkononi. Ukiona makadirio ni madogo kuliko dosari iliyopatikana, jua kuna mteja mkubwa aliyechanganyikana na wadogo.

Makadirio bora ya dosari yote ni 11,200,000 na 3,500,000, yaani 14,700,000. Hayo peke yake hayatoshi, kwa kuwa sampuli ingeweza kukosa mengine. Kikomo cha juu hujengwa kwa posho ya msingi, pamoja na nyongeza kwa kila dosari iliyopanuliwa, zikipangwa kuanzia iliyo kubwa. Vigezo vya asilimia 95 ni 3.00, kisha 4.75 kwa dosari moja, kisha 6.30 kwa mbili. Tofauti zake ni 1.75 na 1.55, na ile 1 ya mbele tumeshaihesabu kwenye makadirio:

```
posho ya msingi   3.00 x 32,000,000      96,000,000
makadirio ya wadogo                      11,200,000
nyongeza          0.75 x 8,000,000        6,000,000
nyongeza          0.55 x 3,200,000        1,760,000
wakubwa, kama zilivyo                     3,500,000
kikomo cha juu                          118,460,000
```

Ni chini ya 120,000,000, lakini kwa 1,540,000 tu. Hesabu hii ni ya dosari zilizozidisha deni. Ukikuta akaunti iliyoandikwa pungufu, itathmini kando, usiipunguze humu. Njia hii ni dhaifu kwa deni lililoandikwa pungufu, kwani kadiri salio linavyopunguzwa ndivyo nafasi ya kulinasa inavyotoweka. Tena haisemi lolote kuhusu kama mteja ataweza kulipa. Mwenye duka anaweza kukiri deni lote kwa muhuri huku akiwa amefilisika, na hilo ni suala la makadirio ya hasara ya madeni, lenye kazi yake.

8. Kabla ya kuandika kwamba salio limekubalika

Kampuni ikirekebisha dosari tatu zinazojulikana, 3,500,000 na 1,225,000 na 1,800,000, kikomo kinashuka kwa 6,525,000 hadi 111,935,000. Makadirio yaliyobaki, 8,175,000, hayarekebishwi kwa kalamu, maana hakuna ankara inayoweza kuonyeshwa. Yanahamia kwenye orodha ya dosari zisizorekebishwa, yajumlishwe na za maeneo mengine ya hesabu.

Mkurugenzi wa fedha atasema kwamba mabati ya Morogoro ni ajali ya mara moja. ISA 530 inakuruhusu kuiondoa dosari kwenye makadirio pale tu unapokuwa na uhakika wa hali ya juu kwamba haiwakilishi nyingine, na hapa unazo mbili zenye chanzo kimoja, kutoka miji miwili tofauti. Kwa hiyo zibaki kwenye makadirio. Kilichobaki ni kuchukua hati zote za kupunguza madeni zilizotolewa Januari, kuzifunga moja moja na kitabu cha mapokezi cha ghala, na kuandika pembeni ya kila moja tarehe ambayo mzigo uliingia getini.